Mke kapewa umeneja Mbeya, mume ni mwalimu Temeke: nani amfuate mwenzake?

Barua ilitoka Agosti 2023. Benki moja ya biashara ilimtaka Anneth, aliyekuwa afisa mikopo mwandamizi makao makuu Dar es Salaam, akawe meneja wa tawi Mbeya. Alipewa siku kumi za kujibu, na akikubali aripoti Oktoba mosi. Mumewe, Gasper, ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya serikali Temeke. Wana watoto wawili. Wakati huo mkubwa alikuwa darasa la pili na mdogo hajaanza shule. Majina haya si yao, na mambo madogo madogo yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Hesabu nimezisawazisha kidogo ili zisomeke, lakini uwiano wake ni uleule.

Nimekuwa afisa utumishi wa halmashauri kwa miaka mingi, na kesi za uhamisho wa wenza nimeziona za kila aina. Nyingi huja kwangu zikiwa zimeshaharibika: mmoja kaacha kazi kwa hasira, au kahamia mkoa mwingine bila kibali na mshahara umesimama. Hawa walikuja mapema, barua ikiwa bado mbichi, na ndiyo maana kisa chao kinafaa kuelezwa kwa kirefu.

Walikuja na swali ambalo karibu wote huja nalo: kazi ya nani ina uzito zaidi? Na walikuwa wameshalijibu kabla hawajakaa. Anneth alikuwa na mshahara mkubwa kuliko mumewe hata kabla ya cheo kipya, kwa hiyo kazi yake ndiyo nzito, kwa hiyo twende Mbeya. Gasper alilisema hilo mwenyewe, tena kwa upole, lakini alilisema akitazama dirishani. Nikawaomba tuanze na hesabu, kwa sababu niliona wote wawili wanaiamini bila kuifanya.

Laki tisa ikifika mezani

Anneth alikuwa akilipwa 1,900,000 kwa mwezi. Umeneja ungempa 2,800,000. Nyongeza ya laki tisa, na hiyo laki tisa ndiyo iliyokuwa inazunguka vichwani mwao. Ila mshahara wa Anneth una makato mawili ambayo hayamwachi mtu: asilimia 10 ya NSSF, kisha kodi ya mapato, ambayo kwa kila shilingi inayozidi milioni moja baada ya NSSF huchukua asilimia 30. Laki tisa ukiitoa NSSF inabaki 810,000, na ukiitoa kodi inabaki 567,000. Hiyo ndiyo nyongeza ya mkononi.

Upande wa Gasper, mshahara wake ulikuwa 1,090,000, na usingebadilika hata kidogo akihamia shule nyingine ya serikali. Hapo ndipo watu wengi hufunga daftari. Mimi huuliza swali moja la ziada: na kile kisichoandikwa kwenye hati ya mshahara? Gasper alikuwa anafundisha tuisheni ya fizikia na hisabati jioni na Jumamosi. Wanafunzi wake walitoka shule za Mbagala, Chang'ombe na Mtoni, na wengi waliletwa na wenzao waliowatangulia. Miezi ya karibu na mtihani wa kidato cha nne alipata hadi laki saba; likizo hakupata kitu. Tukipiga wastani wa mwaka mzima, laki nne kwa mwezi.

Hela hiyo haihamishiki. Mwalimu wa tuisheni anauza jina lake, na jina hilo linajulikana katika mitaa minne tu. Mbeya angeanza sifuri.

Kisha nyumba. Dar walikuwa wanaishi kwao, Kivule, hawalipi kodi. Mbeya wangepanga kwa laki tatu, na nyumba ya Kivule wangeipangisha kwa laki mbili. Hasara ya laki moja. Ada za watoto tulikuta zinakaribiana, tukaziacha.

Basi ukichukua 567,000, ukatoa laki nne za tuisheni na laki moja ya nyumba, familia nzima inahama kilomita zaidi ya mia nane kwa ajili ya elfu sitini na saba kwa mwezi. Anneth alirudia hesabu mara mbili kwenye simu yake. Halafu akapiga hesabu ya pili ambayo sikuwa nimemwomba: je, akienda peke yake? Chumba na sebule Mbeya kwa laki moja na nusu, chakula na umeme na mengineyo laki mbili, safari moja ya basi kila mwezi kwenda na kurudi karibu laki na elfu kumi. Jumla 460,000. Zinabaki 107,000, na tuisheni ya Gasper haijaguswa. Maana yake, hesabu ilikuwa inawashauri waishi mbalimbali, kwa faida ya elfu arobaini.

Hakuna mzazi wa watoto wawili wadogo anayetenganisha familia kwa elfu arobaini. Hesabu ilikuwa imewafanyia kazi moja nzuri: iliiondoa fedha mezani. Kama tofauti kati ya njia zote ni laki moja na ushei tu kwa mwezi, basi mshahara wa nani ni mkubwa halikuwa swali lililostahili kuamua chochote hapa.

(Ingekuwa Dodoma, mambo yangekuwa mengine. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar hadi Dodoma katikati ya 2024, najua wenza kadhaa wanaoishi wiki nzima mbalimbali na kukutana kila Ijumaa usiku, na ndoa zinasimama. Mbeya ni basi la alfajiri linalofika jioni au usiku, au ndege ya kushukia Songwe kwa nauli isiyozoeleka kwa mshahara wa mwalimu. Umbali una bei yake, na bei hiyo hutegemea barabara na reli kuliko ramani.)

Hela ya familia na hela ya Gasper

Jambo lililofuata halikuwa kwenye orodha yangu. Lilijitokeza tulipoangalia hati ya mshahara ya Gasper. Kutoka kwenye ile 1,090,000, baada ya PSSSF, kodi, bima na mkopo wa benki aliouchukua kumalizia nyumba ya Kivule, mkononi alikuwa anabaki na 480,000 hivi. Weka tuisheni juu yake: 880,000. Kumbe karibu nusu ya fedha anayoishika mtu huyu kwa mkono wake ilikuwa inatoka tuisheni, na hiyo ndiyo ingekatika.

Nilimuuliza ile ya tuisheni inatumika wapi. Akataja: mama yake Rombo kila mwezi, ada ya mdogo wake aliye chuo, michango ya harusi na misiba, mafuta ya pikipiki. Anneth alishangaa kidogo kuhusu ada ya mdogo wake. Si kwamba alifichwa, ila haikuwahi kuwa jambo la kuzungumza, kwa sababu haikuwahi kugusa bajeti ya nyumba. Ilikuwa hela ya Baba Kelvin, anaitoa anakotaka.

Kwenye jedwali la familia, laki nne ilikuwa inafidiwa na 567,000 ya Anneth. Kwenye maisha, mfuko wa mmoja unatoboka na wa mwenzake unajaa. Mwanaume wa miaka thelathini na nane ambaye hajawahi kumwomba mkewe hela ya kumtumia mama yake angeanza kuomba, mwezi wa kwanza, katika mji ambako hamjui mtu na anajulikana kama mume wa meneja. Nimeona uhamisho ukivunjika kwa hilo zaidi ya kitu kingine chochote. Wahusika huwa hawalisemi. Wanasema hali ya hewa ya baridi haiwafai, au shule ni mbaya.

Mambo ni hayohayo mke akiwa ndiye anayefuata. Mama aliyekuwa na genge, au cherehani na wateja wake, au mchezo wa kupokezana na wenzake wa mtaani, akihamia mkoa mwingine "kwa sababu mshahara wa mume unatosha", anapoteza fedha pekee ambayo hakuulizwa matumizi yake. Tofauti ni kwamba kwake tumezoea kuona ni kawaida.

Mlango wa kutoka na mlango wa kurudi

Swali lililobaki lilikuwa hili: kila mmoja akihama, au akikataa kuhama, ni nini anachoweza kukipata tena na nini hakirudi?

Nilianza na Anneth. Nilimshauri asikisie, aende kwa bosi wake aulize waziwazi. Akikataa, atabaki pale alipo? Nafasi nyingine itakuja lini? Jibu alilorudi nalo lilikuwa la kibenki: hutaadhibiwa, lakini nafasi za umeneja hutolewa kwanza kwa waliokubali mikoani, na meneja hukaa tawi moja kati ya miaka mitatu na minne kabla ya kuzungushwa. Kwa lugha nyingine, akikataa mara moja anasubiri; akikataa mara mbili, anaachwa. Alikuwa na miaka thelathini na tano. Mlango wake haukuwa unafungwa siku hiyo, ila ulikuwa wa aina inayofunguliwa mara chache.

Kwa Gasper, mambo yalikuwa na sura mbili. Mwalimu wa serikali ni mmoja wa wafanyakazi wachache nchini wanaoweza kuhama mkoa bila kuacha kazi. Namba yake ya utumishi ni ileile, daraja ni lilelile, michango ya PSSSF haikatiki. Shemeji yake mmoja alikuwa amemshauri aache tu ualimu, "Mbeya kuna parachichi na mpunga, utatoka." Hilo tulilimaliza haraka: alikuwa na miaka 11 ya michango, yaani miezi 132, na pensheni ya kila mwezi inataka angalau miezi 180. Kuacha kazi miaka minne kabla ya mstari huo kwa ajili ya parachichi ambazo hujapanda ni ushauri wa mtu asiyehusika na matokeo.

Kwa hiyo kutoka Dar kwake kulikuwa rahisi, tena rahisi kuliko anavyodhani. Walimu wanaotaka kuingia Dar ni wengi mno. Wamejaa kwenye makundi ya simu wakitafuta wa kubadilishana naye: niko Chunya, niko Kyela, natafuta Temeke, Ilala, Kinondoni. Mwalimu wa sayansi aliye Temeke na yuko tayari kwenda Mbeya Jiji ana mali mkononi.

Ila kwa sababu hiyohiyo, kurudi ni kugumu. Siku Gasper akitaka kurejea Dar, atakuwa ndiye anayesubiri kwenye foleni ile ndefu. Anneth benki inaweza kumrudisha Dar kwa barua moja na kumlipia lori la mizigo. Gasper hawezi kurudishwa na mtu. Uhamisho wa maombi binafsi, ukiwemo wa kumfuata mwenza au wa kubadilishana, mtumishi hujigharimia mwenyewe. Posho ya usumbufu, posho ya kujikimu na gharama za mizigo ni za yule aliyehamishwa na mwajiri.

Hapo Gasper ndipo alipoacha kutazama dirishani. Alisema, "Kumbe mimi ndiye ninayetoa tiketi ya kwenda tu." Anneth hakujibu mara moja. Baadaye aliniambia kwamba mpaka dakika ile alikuwa anaamini yeye ndiye anayebeba mzigo, kwa kuwa ndiye anayekwenda kubeba lawama za tawi zima.

Huu ndio msimamo wangu katika kesi za namna hii, na si kila mtu anakubaliana nami: kipaumbele kinaweza kwenda kwa kazi yenye nafasi adimu, lakini masharti ya kuhama yaandikwe na yule asiye na njia ya kurudi. Anneth alikuwa na nafasi adimu. Gasper hakuwa na njia ya kurudi. Basi waende Mbeya, na Gasper ashike kalamu.

Ukoo nao ulikaa

Kikao cha upande wa Gasper kilifanyika Tabata kwa dada yake mkubwa. Sitakieleza sana, kila msomaji anaweza kukisikia. Dada alimwambia, "Mdogo wangu, mke ndiye humfuata mume. Ukishaanza kubebwa, utabebwa mpaka lini?" Gasper aliwajibu kwamba anahamia shule ya serikali kwa kibali cha serikali na mshahara wa serikali, na kama kuna anayemuona amebebwa aje amuone kwenye karatasi ya malipo. Jibu lilitosha siku ile. Ninalotaka kulisema ni kwamba aliweza kulitoa kwa sababu tayari alikuwa ameziona hesabu. Mtu aliyeshawishiwa tu nyumbani usiku hawezi kusimama mbele ya dada yake mkubwa.

Walichokubaliana

Hawakuhama pamoja. Mwaka wa masomo huisha Desemba, mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na Gasper alikuwa na wanafunzi wa mtihani shuleni na kwenye tuisheni. Anneth angetangulia Oktoba, watoto wangebaki Kivule na baba yao na dada wa kazi mpaka shule zifungwe, na Januari 2024 familia ianze mwaka Mbeya. Wakati huohuo Gasper angetafuta wa kubadilishana naye.

Kabla ya kusaini, Anneth alirudi kwa ofisi ya rasilimali watu na maombi mawili. La kwanza, gharama za kuhamisha mizigo ya familia zilipwe Desemba badala ya Oktoba, kwa kuwa sera ya benki yao ilitaka zidaiwe ndani ya siku sitini tangu kuripoti. Walikubali kwa barua. Asingeuliza, angefika Mbeya na sanduku moja, siku sitini zikapita, na lori la Desemba likawa la mfukoni mwao.

La pili lilihusu mstari mmoja kwenye barua ya uhamisho, na hapa naomba wafanyakazi wa sekta binafsi wasome taratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 43, inasema ajira ikikoma mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri anawajibika kumsafirisha yeye na vitu vyake hadi mahali pa kuajiriwa, au kumlipa gharama hizo, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Haki hiyo yote inaning'inia kwenye jibu la swali "uliajiriwa wapi?" Rasimu ya barua ya Anneth iliandikwa kana kwamba ni mkataba mpya, na kwenye mahali pa kuajiriwa pakajazwa Mbeya. Sidhani ilikuwa hila. Ni fomu tu ilijazwa na mtu mwenye haraka. Aliomba irekebishwe isomeke kwamba ameajiriwa Dar es Salaam na kituo cha kazi ni Mbeya. Ikarekebishwa siku hiyohiyo, bila ubishi.

Makubaliano yao wawili waliyaandika kwenye karatasi moja ya daftari, kwa mwandiko wa Gasper. Nimeiona. Ina mambo manne. Kwamba kila tarehe ya mshahara laki mbili zinatoka akaunti ya Anneth kwenda ya Gasper kwa maagizo ya kudumu ya benki, na hazina maelezo. Kwamba kuanzia mwaka wa pili Gasper anaanza shahada ya uzamili Chuo Kikuu Huria, kituo cha Mbeya, na ada inatoka kwenye nyongeza ya Anneth kabla ya matumizi mengine. Kwamba Oktoba 2025 wanakaa kuitazama upya. Na kwamba benki ikitaka kumpeleka Anneth mkoa wa tatu, Gasper hawajibiki kufuata, na Anneth hatasema ndiyo kabla hawajazungumza.

Niliwasifu kwa hilo la pili. Wenza wengi huahidiana "zamu yako itafika", na ahadi hiyo huwa haina tarehe, haina kiasi na haina jina la chuo. Baada ya miaka sita aliyefuata anaambiwa, "Si ulikubali mwenyewe?"

Palipoharibika

Kubadilishana kulikwama. Gasper alipata mtu ndani ya wiki mbili, mwalimu wa Mbeya Jiji aliyekuwa na hamu kubwa ya Dar. Walifurahi, wakaandika barua zao, wakazipitisha kwa wakuu wa shule. Mkuu wa shule ya Gasper akasoma na kuirudisha: yule mwalimu alikuwa wa historia na kiswahili. Shule ingempoteza mwalimu wa fizikia na kupata wa historia, na fizikia ilikuwa na walimu wawili tu. Hakuna mkuu wa shule anayepitisha hilo, wala mkurugenzi. Watu hudhani kubadilishana ni mwalimu kwa mwalimu. Ukweli ni somo kwa somo, na mwalimu wa sayansi ambaye ana thamani sokoni ndiye huyohuyo asiyeachiwa kirahisi.

Wakati anaanza upya, Januari ikafika. Watoto walikwenda Mbeya na mama yao kama ilivyopangwa, dada wa kazi akakataa kwenda mbali na kwao, na Anneth, meneja mpya wa tawi lenye mikopo mibovu mingi, akawa anatoka ofisini saa kumi na moja kukimbilia watoto waliokaa kwa jirani. Gasper yuko Kivule peke yake katika nyumba ambayo tayari ina mpangaji anayesubiri kuingia. Katika kipindi chote, miezi ile ndiyo iliyokuwa mibaya kuliko yote. Walinipigia kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alisema mwenzake haelewi.

Kilichofanya kazi ni kugeuza sababu ya ombi. Gasper aliacha kutegemea kubadilishana peke yake akaomba kumfuata mwenza, akiambatanisha cheti cha ndoa na barua ya uhamisho ya Anneth, na ndani ya ombi hilohilo akamtaja mwalimu wa kuziba nafasi: safari hii mama mmoja wa fizikia na hisabati aliyekuwa Mbeya na mumewe akifanya kazi bandarini Dar. Familia mbili zikawa zinaungana kwa barua moja, na shule zote mbili hazipotezi somo. Ombi lilipita kwa mkuu wa shule, likaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, likafika TAMISEMI. Siku hizi maombi haya hupitia mfumo wa ESS wa watumishi, lakini mantiki yake haijabadilika: anayesoma ombi lako anatafuta kwanza pengo unaloliacha.

Kibali kilitoka mwishoni mwa Machi 2024. Gasper aliripoti baada ya Pasaka.

Kosa la mpango, kama naruhusiwa kulisema kwa niaba yao, lilikuwa kuweka tarehe ya kuhamisha watoto kabla ya tarehe ya kibali. Barua ya benki ina siku. Kibali cha serikali hakina. Wangeacha watoto Kivule muhula mmoja zaidi, Anneth angeshika tawi akiwa na akili iliyotulia. Yeye hakubaliani nami. Anasema asingeweza kukaa miezi sita bila watoto, na hilo si la kuingia kwenye jedwali langu.

Oktoba 2025

Walikaa kama walivyoandika. Laki mbili zilikuwa hazijawahi kukosa hata mwezi mmoja, na Gasper alisema zile za miezi ya mwanzo ndizo zilizomtunzia heshima yake. Tuisheni ameanza tena, maeneo ya Soweto na Mwanjelwa. Bado haijafika nusu ya ile ya Temeke. Wakakubaliana zile laki mbili zibaki palepale mpaka ifike. Uzamili ameanza, na mhula wa kwanza ada ilichelewa kwa sababu Anneth aliitumia kwenye gari. Jambo hilo liligombaniwa kwa siku kadhaa, kisha wakaamua ada ilipwe kwa maagizo ya kudumu kama zile laki mbili.

Sharti moja waliliongeza. Benki imeanza kumdokezea Anneth nafasi ya kanda, yenye kituo Dar es Salaam. Kila mtu nje ya nyumba yao anaona ni habari njema, wanarudi kwao Kivule. Gasper amemkumbusha kwamba yeye hana njia ya kurudi ila foleni, na kwamba uzamili wake unaisha 2026. Wameandika kwamba Anneth hatasaini kurudi Dar kabla ombi la Gasper halijafika TAMISEMI likiwa na jina la mwalimu wa fizikia wa kubadilishana naye, na mpangaji wa Kivule ameongezewa mkataba wa mwaka mmoja.